Barua kwa Wakala: Riwaya ya "Saba Yenye Mkato"

Moshi, 14 Julai 2025

Kwako Bi. Saumu,
Wakala wa Waandishi,
Dar es Salaam

YAH: KUOMBA UWAKILISHI WA RIWAYA "SABA YENYE MKATO" (MANENO 82,000)

Habari za kazi.

Elirehema, karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho, alifundishwa hesabu na mapadri, na tangu utotoni kila saba aliyoiandika aliikata kwa mstari katikati. Daftari lililomtia hatiani mwaka 1976 lilijaa saba zisizo na mkato. Wakaguzi hawakuliona hilo, hakimu hakuliona. Aliyeliona ni binti yake Manka, wa miaka 19, naye akanyamaza, kwa sababu saba zile alikuwa ameziandika yeye.

Baba alikuwa amelala na homa siku tisa, msimu wa kahawa umepamba moto. Manka akashika kalamu, baba mdogo Ndesario akasimama kwenye mizani na kutaja kilo kwa sauti. Alichotaja Ndesario ndicho alichoandika Manka. Miezi haikupita mingi, serikali ikavunja vyama vya ushirika nchi nzima, wakaguzi wakaja kufunga vitabu, na magunia yaliyokuwa ghalani hayakulingana na daftari. Ulikuwa mwaka mbaya wa kupotelewa na kilo hata moja: baridi kali ya Julai 1975 ilikuwa imeua mikahawa ya Brazili, bei duniani inapanda, na watu waliokuwa wakidai kwa upole sasa wanadai kwa panga. Elirehema akasema mwandiko ni wake. Hakuishi kuona msimu wa pili. Kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, kihamba, yaani shamba la ukoo, kikaenda kwa Ndesario. Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka, Manka aling'oa masale ya mpakani akayapanda upya hatua saba ndani ya shamba la baba mdogo, kisha akateremka mjini kwa miguu.

Desemba 2019. Magari ya Dar yanapanda mlima kwa ajili ya Krismasi, na Manka, sasa ana miaka 62, anauza mitumba Kiborloni. Kijana asiyemjua anasimama mbele ya meza yake na kumkabidhi jani la sale lililofungwa fundo. Limetoka kwa Ndesario, ambaye hatoki tena kitandani. Msomaji wa Pwani huenda asilijue sale, kwa hiyo riwaya inamfundisha mapema: kwetu mmea huu ndio mpaka wa shamba, na ndio pia ombi la msamaha. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, na kulikataa ni jambo zito. Miaka 43 Manka amejijua kuwa ndiye mwizi, hatua saba za ardhi. Sasa aliyeibiwa ndiye anayeomba radhi. Ya nini? Jibu linaweza kuwa ndani ya sanduku lake la bati, chini ya marobota: nakala za stakabadhi za zile siku tisa, ambazo amezificha tangu usichana bila kuthubutu kuzijumlisha.

Mwisho wake sitauandika hapa. Umo kwenye muhtasari wa kurasa mbili nilioambatisha, wote, bila kuficha kitu, kama masharti yako yanavyotaka.

"Saba Yenye Mkato" ni riwaya ya familia kwa wasomaji wazima, yenye fumbo la uhalifu ndani yake. Imekamilika. Ina sura 31 na maneno 82,000, ambayo kwa nafasi mbili kati ya mistari ni kurasa 310 hivi. Sura zinapokezana kati ya 1976 na siku nane za Desemba 2019. Naomba niseme kidogo juu ya urefu, maana najua unashughulika pia na haki za tafsiri. Maneno 82,000 ya Kiswahili si sawa na 82,000 ya Kiingereza. "Hakuniambia" ni neno moja kwetu. Wenzetu wanahitaji matano. Mchapishaji wa nje akiiona idadi hii asidhani kitabu ni chembamba; kikitafsiriwa kitanenepa chenyewe. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno 117,000. Nilichokata zaidi ni mazishi. Tulikuwa na mazishi manne, yamebaki mawili.

Kuhusu vitabu vya kukilinganisha nacho. Cha kwanza ni "Peponi", riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis (2022). Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, naye ni mtoto asiyejua hesabu hiyo ilipigwa lini. Manka naye analipa hesabu ya wakubwa, tofauti ni kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwake. Cha pili ni "Mungu Hakopeshwi" cha Zainab Alwi Baharoon, kilichopata Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2018. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kuwa msomaji wa leo yuko tayari kukaa ndani ya nyumba moja na ugomvi wa damu moja, bila kuhitaji bastola wala safari ya Ulaya. Wasomaji wangu wa kwanza, wanawake wanne wa kikundi chetu hapa Moshi, wote walinitajia "Rosa Mistika" ya Kezilahabi. Ni heshima kubwa, lakini kitabu cha 1971 hakiwezi kukuambia chochote kuhusu soko la sasa, kwa hiyo nakitaja kama babu wa ukoo tu. Rosa anaangamizwa na ukali wa baba yake. Manka anaandamwa na upole wa wake.

Historia iliyomo ni ya kweli, watu ni wa kubuni. Wakulima wa Kilimanjaro walianza kujipanga mwaka 1925, na chama kikuu, KNCU, kikaundwa 1933. Mwaka 1976 vyama vikavunjwa, na ilibidi kungoja sheria ya 1982 ndipo ushirika urudi. Chama cha msingi cha kwenye riwaya sikukipa jina. Wahusika wanakiita "chama chetu", hata wanapokilaani. Nilifanya hivyo kwa makusudi, ili ukoo wowote wa Kibosho usije kudhani nimemwandika babu yao; na hata hivyo najua watadhani.

Mimi ni karani. Nimefanya kazi ya vitabu kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa miaka 14, na mizani nimeishika kwa mikono hii. Najua gunia lililonyeshewa linavyopima, najua mkulima anavyoinama kusoma mshale hata kama hajui kusoma, na najua kimya kinachoingia kwenye foleni karani mgeni anapokaa mezani. Sijashinda tuzo yoyote. Hiki ni kitabu changu cha kwanza, nimekiandika kwa miaka sita, zaidi alfajiri kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Mwaka juzi mchapishaji mmoja alikubali muswada kwa barua nzuri sana, kisha akanitaka nichangie gharama za kuchapa nakala 500. Nilikataa. Haki zote bado ni zangu: chapa, sauti, tafsiri na filamu.

Kwa nini wewe? Kwenye maelezo yako umeandika kuwa unatafuta riwaya za bara, za watu wanaofanya kazi, na kwamba umechoka na miswada ambayo kijiji ni mandhari tu ya mtu wa mjini kukumbuka utoto. Nilicheka niliposoma, maana sura yangu ya pili ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Nimeitupa. Naamini kitabu hiki kina wasomaji mahali pengi zaidi ya mlimani: kila anayepanda basi Desemba kurudi kwao akijua kuna jambo la shamba halijazungumzwa, na hata ndugu zetu wa Kenya wanaolima kahawa, ambao wana mizani yao na makarani wao.

Umeomba kuona mistari ya mwanzo ndani ya barua yenyewe. Ndiyo hii:

"Baba aliikata saba yake tumboni. Alisema saba isiyokatwa ni moja yenye kofia, na mwizi akija hukuta kazi imekwisha fanywa. Mimi shuleni tulifundishwa saba tupu, na mwalimu wetu wa hesabu aliichukia ile ya mapadri, akaiita saba yenye mkanda. Kwa hiyo nyumbani kwetu palikuwa na saba mbili, ya baba na ya kwangu, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa jambo la kuchekesha tu wakati wa chakula. Mama Kandida ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni asubuhi ile. Gunia lake lilikuwa limefungwa kwa gome la mgomba. Baba mdogo akalining'iniza, mshale ukatetemeka, ukatulia, yeye akaugeukia mlima kana kwamba jibu lilikuwa kule. 'Thelathini na saba,' akasema. Nikaandika thelathini na saba. Mama Kandida aliangalia kalamu, kisha akaniangalia mimi, kisha akasema pole kwa baba yako, mwambie tunamwombea."

Pamoja na muhtasari nimeambatisha sura tatu za kwanza, kurasa 34, kwa faili la Word. Muswada mzima upo tayari. Ukiuhitaji utaupata siku hiyo hiyo, labda umeme ukatike. Maneno ya Kichaga ni machache na yote yanaeleweka kwa mazingira yake, sikuweka faharasa nyuma. Ukiona inahitajika nitaiandika, ingawa nitabishana kidogo kwanza. Jambo ambalo sitabishana nalo ni sura ya 19. Wasomaji wangu wawili walikwama hapo, wengine wawili waliisifu, na mimi mwenyewe sijui ni nani wa kumwamini.

Niseme wazi pia kwamba wiki hii nimetuma barua kama hii kwa wakala mwingine mmoja, Nairobi. Yeyote kati yenu akiniomba muswada mzima, nitamjulisha mwenzake hapo hapo. Masharti yako ya kamisheni nimeyasoma na sina shida nayo. Umeandika kuwa hujibu kabla ya wiki nane. Nitangoja hadi katikati ya Septemba ndipo nikukumbushe, mara moja tu. Simu yangu imo kwenye ukurasa wa kwanza wa muswada. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa niko kwenye mizani, na huko huwa siipokei.

Ahsante kwa muda wako, na msimu mwema.

Wako,
Anasia
Karani, Moshi

Viambatisho: muhtasari (kurasa 2); sura ya 1 hadi ya 3 (kurasa 34)