Barua ya Maombi ya Kazi ya Karani wa Masjala

Rehema S. Mkumba,
Mtaa wa Kizuiani, Kata ya Mbagala,
Wilaya ya Temeke,
DAR ES SALAAM.

14 Mei 2025

Meneja Utumishi,
Ofisi ya Uwakala wa Forodha,
Ghorofa ya Pili, Mtaa wa Sokoine,
DAR ES SALAAM.

(Kwa mkono)

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA MASJALA
Tangazo lililosambazwa WhatsApp na kuonekana Ijumaa, 9 Mei 2025. Mwisho wa kupokea maombi Ijumaa, 16 Mei 2025. Kumbukumbu namba ya tangazo: haipo, sababu imeelezwa aya ya pili.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania, mwanamke mwenye umri wa miaka 26, mkazi wa Mbagala. Naomba nafasi ya Karani wa Masjala katika ofisi yako.

Kabla ya kujieleza, naomba nitoe ufafanuzi kuhusu namba. Tangazo nililiona kwenye picha aliyoiweka jirani yangu WhatsApp, zile zinazojifuta zenyewe baada ya saa 24. Kesho yake jioni nilipotaka kulisoma upya, lilikwishaondoka, na jirani naye alikuwa ameifuta picha kwenye simu yake. Jumatatu tarehe 12 nilifika ofisini kwenu. Dada wa mapokezi alinithibitishia mambo matatu: kwamba nafasi ipo, kwamba barua zipelekwe kwa mkono kwa jina la Meneja Utumishi, na kwamba mwisho ni Ijumaa hii saa 10 jioni. Kumbukumbu namba hakuwa nayo, kwa kuwa mwenye jalada la ajira alikuwa bandarini siku hiyo. Nakumbuka namba yenyewe iliishia na 2025, lakini tarakimu za katikati sina uhakika nazo na sikutaka kubahatisha. Barua isiyo na namba, masjala itauliza ni ya nini. Yenye namba ya kubuni itaingia jalada la watu wengine na hakuna atakayeuliza. Kwa hiyo nimeweka kwenye kichwa cha barua kila kinachoweza kuitambulisha, na naomba masjala yenu iniandikie namba sahihi itakapoipokea.

Kwa sababu hiyo hiyo sina uhakika kama tangazo liliandika "Karani wa Masjala" au "Karani Mtunza Kumbukumbu". Kama ni hilo la pili, naomba barua hii ihesabiwe kwa nafasi hiyo. Sifa ninazokumbuka ni kidato cha nne, cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, na uwezo wa kutumia kompyuta. Zote ninazo.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016 katika shule ya sekondari ya kata wilayani Temeke, nikapata daraja la tatu. Baadaye nilijiunga na Chuo cha Utumishi wa Umma, Tawi la Dar es Salaam, nikahitimu Astashahada ya Utunzaji wa Kumbukumbu mwaka 2019. Mafunzo kwa vitendo niliyafanya kwenye masjala ya ofisi moja ya serikali hapa jijini. Huko ndiko nilikofundishwa kazi yenyewe: kufungua barua mbele ya mwenzako, kugonga mhuri wa tarehe siku ile ile, kuiingiza kwenye rejista ya barua zinazoingia, kuipa namba ya folio ndani ya jalada, na kutoruhusu jalada litoke mlangoni bila kuandikwa limekwenda kwa nani. Tulikuwa na mzee mmoja masjala, karani wa siku nyingi, aliyekataa kumkabidhi mkuu wa idara jalada mpaka asaini. Mkuu alikasirika, akasaini. Wiki iliyofuata jalada lilitafutwa ofisi nzima, na saini ile ndiyo iliyoonyesha liko kwenye droo ya nani.

Tangu mwaka 2020 nafanya kazi kwenye duka la jumla la vigae na vifaa vya bafuni, Kariakoo. Nilichukuliwa kama karani wa mauzo, lakini bosi alipogundua nina cheti cha kumbukumbu alinikabidhi makaratasi yote ya mizigo inayotoka nje. Hapa naomba nieleze kidogo, kwa sababu nadhani ndipo kazi yangu ya sasa inapokutana na ya kwenu.

Nilipoanza, kila kontena lilikuwa na bahasha yake ya kaki, na ndani ya bahasha kila kitu kimechanganyika: hati ya shehena, ankara ya muuzaji, orodha ya vifungashio, nakala ya TANSAD, stakabadhi za bandari, risiti za EFD za usafiri, hata karatasi za chakula cha makuli. Bahasha ziliandikwa majina kama "vigae vyeupe" au "mzigo wa Ramadhani". Ikitakiwa karatasi moja, zinamwagwa bahasha tatu mezani. Nilianzisha jalada moja kwa kila hati ya shehena, namba ya hati ikiwa ndiyo namba ya jalada, kwa kuwa ndiyo pekee inayojirudia kwenye karatasi karibu zote za mzigo. Ndani nikazipanga kwa mfuatano ule ule ambao mzigo unasafiri: za muuzaji kwanza, za meli, za forodha, za bandari, za lori, mwisho hati ya kupokelea mzigo ghalani.

Shida ilikuwa karatasi zisizo na namba, na hizi ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Dereva wa lori analeta hati ya makabidhiano imelowa mvua, sehemu ya namba imekuwa wino mtupu. Wapo wanaoziweka pembeni "mpaka tutakapojua". Mimi nilifungua rejista ndogo ya karatasi za namna hiyo: tarehe na saa iliyofika, nani ameileta, namba ya gari, inahusu nini kwa maneno mawili matatu, na imewekwa wapi kwa muda. Kila Ijumaa naipitia, ninayoijua jalada lake naihamisha na kukata mstari kwa kalamu nyekundu. Karatasi moja ya aina hiyo ndiyo iliyotuokoa mwaka jana mwenye lori alipodai malipo ya safari ambayo tayari tulikuwa tumeilipia: namba ya hati ilikuwa imefutika, lakini namba ya gari, tarehe na saini ya dereva wake vilikuwa kwenye rejista yangu. Aliangalia saini, akaomba maji ya kunywa, tukaendelea na mazungumzo mengine.

Naelewa pia kwamba ofisi ya uwakala haitunzi karatasi zake peke yake, inatunza za wateja. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, na mteja akikaguliwa mara nyingi wa kwanza kupigiwa simu ni wakala wake. Halafu kuna suala la siri. Ankara ya mteja inaonyesha amenunua wapi na kwa bei gani, na Kariakoo nimeona kwa macho yangu namna mfanyabiashara anavyoweza kuitafuta habari hiyo kuhusu jirani yake wa duka, hata kwa kumnunulia karani soda. Msimamo wangu ni mmoja: jalada linaonyeshwa kwa aliyeruhusiwa kwa maandishi, basi.

Kwa upande wa kompyuta, natumia Word na Excel kila siku. Rejista zangu zote zipo kwenye daftari na pia kwenye Excel, na nina mazoea ya kuskani hati na kuipa faili jina linaloanza na namba ya jalada. Mifumo ya forodha sijawahi kuitumia moja kwa moja, kwa sababu dukani kazi hiyo hufanywa na wakala. Ninachokijua ni nyaraka zinazoingia na kutoka kwenye mifumo hiyo. Kuandika kwa mashine naandika kwa kasi ya kawaida, si ya kujivunia, ila bila makosa mengi. Nazungumza na kuandika Kiswahili na Kiingereza.

Nimeajiriwa kwa mkataba wa mshahara wa mwezi, kwa hiyo nikipata nafasi hii nitapaswa kumpa mwajiri wangu notisi ya siku 28 kama sheria ya ajira inavyotaka. Nisingependa kuondoka bila kukabidhi majalada kwa orodha, maana makontena mawili yapo njiani na hati zake zinaendelea kufika. Iwapo mtahitaji mtu wa kuanza mapema zaidi, nitaomba tuzungumze na bosi wangu. Anajua kwamba ninaomba kazi hii na amekubali kuwa mdhamini wangu. Kuhusu mshahara, nitaupokea mjadala huo kwenye usaili.

Kwa usaili nipo tayari siku yoyote ya kazi. Namba yangu ya simu, pamoja na majina na mawasiliano ya wadhamini watatu, vipo kwenye wasifu nilioambatisha. Nikiitwa nitakuja na vyeti halisi, na kama mtapenda, nitakuja pia na kurasa tupu za rejista ninazotumia, bila taarifa zozote za duka, ili mwone zinavyofanya kazi.

Barua hii nimeileta katika nakala mbili. Naomba moja igongwe mhuri wa kupokelewa na kurudishwa kwangu, na kama namba ya tangazo itakuwa imepatikana, iandikwe kwenye nakala zote mbili.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

*R. S. Mkumba*

Rehema S. Mkumba

Viambatisho: wasifu binafsi (kurasa 2), nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala ya cheti cha kidato cha nne, nakala ya Astashahada ya Utunzaji wa Kumbukumbu, nakala ya kitambulisho cha Taifa, barua ya utambulisho kutoka Serikali ya Mtaa wa Kizuiani, picha 2 ndogo za pasipoti, jina limeandikwa nyuma ya kila moja.