Barua ya Kuomba Kibali cha Kuhamisha Umiliki wa Kiwanja

Salma Juma Hamisi
14 Machi 2026

Ofisa Ardhi,
Ofisi ya Ardhi.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUHAMISHA UMILIKI WA KIWANJA NA. 214, KITALU C, HATI NA. 5182

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmiliki wa kiwanja kilichotajwa, chenye ukubwa wa mita za mraba 640 na matumizi ya makazi, nilichomilikishwa kwa muda wa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Julai 1998. Naomba kibali cha kukihamishia kwa Ndugu Rashidi Omari Bakari, ambaye tumekubaliana naye mauzo kwa mkataba tuliousaini mbele ya wakili tarehe 2 Machi 2026, kwa sharti kwamba salio la bei litalipwa na kiwanja kitakabidhiwa baada ya kibali chenu kutoka. Hadi leo nyumba iliyomo bado iko mikononi mwangu.

Kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi tarehe 30 Juni 2026, kiwanja hakina rehani wala zuio, na mume wangu ameridhia mauzo haya kwa maandishi. Masharti ya ujenzi yaliyomo kwenye hati yalitimizwa zamani.

Lipo jambo moja ambalo naona ni haki mlijue mapema kabla ya mkaguzi wenu kufika. Bikoni ya kona ya kaskazini-mashariki ilifukiwa na udongo ulioletwa na maji ya mvua, kiasi kwamba mwenye kuangalia kwa macho tu angeweza kudhani mpaka unafuata mstari wa michongoma, ambao kwa kweli umeingia ndani ya kiwanja changu kwa karibu mita moja. Mpimaji aliyesajiliwa ameifukua, akathibitisha kuwa haijasogezwa, na jirani wa upande huo ametia saini taarifa yake. Vilevile bomba la maji la jirani huyo linapita kwenye ukingo wa kiwanja kwa ruhusa yangu. Mnunuzi ameliona na ameahidi kwa maandishi kuliacha lilipo.

Ndugu Bakari amesoma masharti yote ya hati na anafahamu kuwa anachonunua ni muda uliobaki, yaani miaka 71 na miezi michache, wala si umiliki usio na mwisho. Anakusudia kuishi humo na familia yake, hivyo matumizi hayatabadilika.

Nimeambatisha hati halisi, mkataba wa mauzo, stakabadhi za kodi, ridhaa ya mume wangu, taarifa ya mpimaji, ahadi ya mnunuzi kuhusu bomba, pamoja na nakala za vitambulisho na picha zetu sote wawili. Ada ya maombi nitailipa mara nitakapopewa makadirio, na endapo mtahitaji uthamini mpya au ukaguzi wa eneo, nitakuwepo kumfungulia ofisa wenu siku mtakayopanga. Kwa kuwa mkataba wetu unakoma tarehe 30 Juni 2026 iwapo kibali hakitakuwa kimetoka, naomba kwa heshima maombi haya yashughulikiwe kabla ya tarehe hiyo.

Wenu mtiifu,

Salma Juma Hamisi
Mmiliki

Nakala: Ndugu Rashidi Omari Bakari, mnunuzi