Uzi Mmoja

Kengele ya mama ya kubadilishana zamu ililia. Hamisi hakuachia padi ya gemu.

"Zamu yangu!" Juma alidai.

"Ngoja nimalize hapa."

"Jana ulisema hivyohivyo. Na juzi."

Juma alikuwa na miaka 8, na tayari alijua kwamba dakika 30 za kaka yake ni ndefu kuliko zake. Safari hii hakubembeleza. Alikwenda ukutani akachomoa waya. Kioo kikawa cheusi. Hamisi, ambaye tangu alasiri hakuwa ameseivu, alibaki ameduwaa, kisha akamrukia mdogo wake.

Mama aliifungia konsoli kabatini siku tatu. Siku tatu hizo walilala chumba kimoja, kila mmoja ameelekea ukuta wake. Hata "zima taa" walikuwa wakimtuma dada Zuhura.

Zuhura ndiye aliyechoka kwanza. Siku ya nne aliitoa ile padi ya pili iliyokuwa imelala kwenye boksi tangu siku ya kwanza, akaichaji, akapakua gemu la wachezaji wawili, Unravel Two. Akawakalisha. Kiooni vilisimama vidude viwili vya nyuzi, kimoja chekundu, kingine cha buluu, vimefungwa kwa uzi mmoja.

"Mie huyu wa buluu," Hamisi akawahi, na papo hapo akatimua mbio. Uzi ukakaza. Akavuta, wapi!

"Njoo basi!"

"Pako juu. Sifiki."

Juma alianguka mara tano, macho yakaanza kumlengalenga. Zuhura akamwonyesha Hamisi kitufe cha kuviunganisha vidude viwe kimoja, ili ambebe mwenzake. Hamisi akambeba hadi juu ya gogo. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Hapa tu," Juma alisema. "Pale mbele naruka mwenyewe."

Akaruka mwenyewe. Akaanguka. Akaruka tena, akafika, na Hamisi akapiga kelele utadhani ameruka yeye.

Jioni ya pili walikwama kwenye pengo pana. Hamisi alijaribu kila namna: kukimbia, kurusha uzi, kuruka kutoka ukingoni kabisa. Kila mara akatumbukia. Alikuwa ameshaanza kuiminya padi kwa hasira.

"Kaka," Juma alisema taratibu, "mimi nibaki hapa juu nishike. Wewe shuka na uzi, ubembee."

"Ukiniachia je?"

"Sikuachii."

Hamisi akamtazama kidogo, kisha akashuka. Kidude chekundu kikang'ang'ania ukingo. Cha buluu kikaning'inia, kikabembea mbele, kikarudi nyuma, kikaenda mbele zaidi.

Kengele ikalia.

"Haya, zamu ya nani sasa?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Hakuna aliyemjibu. Hamisi alikuwa hewani, na Juma amekibana kitufe cha kushika kwa vidole gumba vyote viwili.