Inuka, Ule
Muswada wa filamu fupi

WAHUSIKA: MASANJA, kijana wa miaka 17 aliye kidato cha nne. MAMA MASANJA, mjane anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni. LETICIA, mdogo wake Masanja, mwenye miaka 9. MAMA KULWA, jirani yao. MZEE MWINJILISTI, ambaye tunamwona kwenye simu tu.

MAHALI: Kirumba, jijini Mwanza, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa juu mlimani, katikati ya mawe makubwa. Ni mwezi wa Septemba, na mtihani wa taifa ni mwezi wa Novemba.

ONYESHO LA 1. NJE. UANI – JIONI

Mama Masanja anasonga ugali kwenye jiko la mkaa, na Mama Kulwa ameketi kwenye kigoda akimsaidia kuchambua mchicha. Masanja yuko nyuma ya mlango, daftari mkononi, na wao hawajui kwamba anasikia kila neno.

MAMA KULWA: Vumilia, Mama Masanja. Mwakani huyu kijana akienda kidato cha tano, mzigo utapungua.

MAMA MASANJA: Ndiyo tegemeo langu. Mkopo wa kikundi nimeuchukua kwa ajili ya ada na masomo ya ziada, na sijutii hata shilingi moja. Tangu baba yao atutoke, huyu ndiye mwanamume wa nyumba hii.

Masanja anafungua kitabu cha fizikia. Ndani ya jalada lake kuna karatasi iliyokunjwa mara nne, nayo kamera inakaa juu yake mpaka tusome: matokeo ya mtihani wa majaribio wa mkoa, daraja la nne, pointi 29. Anaikunja tena haraka.

MAMA MASANJA (akiita): Masanja! Njoo ule, baba.

MASANJA: Nimeshiba, mama. Nasoma kwanza.

Mama anapakua chakula chake kwenye sahani, anakifunika kwa sahani nyingine na kukiweka mezani bila kusema neno.

ONYESHO LA 2. NDANI. CHUMBA CHA WATOTO – USIKU WA MANANE

Ni saa saba na nusu usiku. Leticia amelala chini ya chandarua, na Masanja ameketi sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, simu ya mama yake ikiwa mkononi. Amenunua bando la usiku ili apakue mitihani ya miaka iliyopita, kwa kuwa mchana bando ni ghali. Dirishani, mbali kule ziwani, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya maji, maana mwezi umezama na huu ndio wakati wa giza ambao dagaa hufuata mwanga na kunaswa kwa wingi.

Anajaribu swali moja la hesabu. Anafuta. Anajaribu tena, kisha kalamu inasimama. Ombi kwa mwigizaji: machozi yasilazimishwe hapa. Kijana ambaye hajalala vizuri kwa wiki kadhaa mara nyingi halii, bali hutazama tu, na pumzi yake huwa fupi.

MASANJA (kwa sauti ya chini): Nitamwambiaje?

Anaifungua simu tena na kutafuta maelezo ya lile swali. Video ya somo inakwisha, na kabla hajabonyeza chochote video nyingine inaanza yenyewe. Ni mzee mwenye mvi, amevaa sweta, ameketi kwenye kiti cha mbao kando ya taa ya chemli, Biblia ikiwa wazi magotini. Hakuna muziki. Kidole cha Masanja kinakwenda kwenye kioo kilichopasuka ili aiondoe.

MZEE MWINJILISTI: Mwanangu, wewe ambaye hujalala mpaka saa hizi.

Kidole kinabaki hewani.

ONYESHO LA 3. NDANI. CHUMBA CHA WATOTO – PAPO HAPO

Onyesho hili ndilo moyo wa filamu, nalo lisifupishwe. Tunamwona mzee kwenye kioo cha simu na mwanga wake ukiwa usoni mwa Masanja, tukibadilishana kati ya nyuso hizo mbili bila haraka. Mzee haongei kama anayehubiri uwanjani. Anaongea kama babu aliyeketi na mjukuu mmoja.

MZEE MWINJILISTI: Usiku huu nataka tusome Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Unamkumbuka Eliya? Ni yule nabii aliyesimama mlimani Karmeli mbele ya taifa zima, akaomba, na moto ukashuka. Basi, baada ya ushindi ule, Yezebeli alimtumia neno kwamba atamwua, na mtu huyo shujaa akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti wa mretemu, akaomba afe.

Masanja anaisogeza simu karibu na sikio, kisha anapunguza sauti ili Leticia asiamke.

MZEE MWINJILISTI: Sasa angalia Mungu alifanya nini. Hakumkemea. Hakumwuliza imani yako imekwenda wapi. Eliya alilala, na malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Akatazama, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, kichwani pake. Akala, akanywa, akalala tena. Mungu akamwacha alale! Kisha malaika akaja mara ya pili, akamwambia tena ainuke ale. Lile swali gumu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", halikuulizwa chini ya mti. Liliulizwa Horebu, baada ya safari ya siku arobaini mchana na usiku, mtu akiwa ameshakula na ameshapumzika. Mungu anajua kwamba umbo lako ni la udongo, mwanangu. Si dhambi kuchoka.

Kimya kifupi. Mzee anageuza ukurasa.

MZEE MWINJILISTI: Na alipoulizwa, Eliya alijibu kwamba amesalia yeye peke yake. Alilisema hilo mara mbili, na mara zote mbili aliamini kwa moyo wote. Lakini Bwana alimwambia kwamba wako watu elfu saba katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti, na akampa Elisha wa kumsaidia. Pengine nawe umejiambia kwamba nyumba yenu yote inasimama juu ya mabega yako, na kwamba ukiyumba wewe, kila mtu ataanguka. Nani alikuambia hivyo? Yupo anayelinda nyumba hiyo, na Zaburi ya 121 inasema, "Hatasinzia wala hatalala usingizi." Kama yeye yuko macho usiku huu, wewe unaruhusiwa kulala. Na kama mawazo yako yamefika pale yalipofika ya Eliya chini ya mti, usingoje asubuhi. Mwamshe mtu wa nyumbani sasa hivi, umwambie. Tuombe.

Mzee anafumba macho. Masanja hafumbi yake. Anatazama kitabu cha fizikia.

MZEE MWINJILISTI: Bwana, uliyempa Eliya mkate na usingizi, mpe na mtoto huyu. Mzigo usio wake, uuchukue. Amina.

Video inakwisha. Nyingine inataka kuanza, naye anaizima simu kabisa.

ONYESHO LA 4. NDANI. SEBULENI – MUDA MFUPI BAADAYE

Masanja anaingia sebuleni akipapasa gizani na kuifunua sahani. Ugali umepoa na kushika ngozi juu, dagaa wamegandana na nyanya, na kando kuna kipande cha ndimu ambacho mama yake amekikata kwa sababu anajua mwanawe hali dagaa bila ndimu. Masanja anakiona kile kipande na kukishika kwa muda. Ananawa, anakaa na kuanza kula, mwanzoni taratibu, kisha kwa njaa ya kweli.

MASANJA (akimaliza tonge la mwisho): Bwana, nimechoka. Nilidhani ni mimi peke yangu. Nisaidie nimwambie mama. Na yeye umtunze, maana mimi siwezi kumtunza peke yangu.

Hakuna mwanga unaoshuka wala upepo unaovuma dirishani. Tunaomba waongozaji wakubaliane nasi katika hili, kwa kuwa amani aliyoipata kijana huyu inaonekana mabegani mwake na kwenye pumzi yake, ambayo sasa imekuwa ndefu. Anarudi chumbani, anaingia chini ya chandarua, na usingizi unamchukua kabla hajavuta shuka hadi kifuani.

ONYESHO LA 5. NDANI. SEBULENI – ALFAJIRI

Saa kumi na moja. Mama Masanja anajifunga kitenge tayari kwa safari ya sokoni. Anaiona sahani tupu. Anachungulia chumbani, anamwona mwanawe amelala fofofo, naye anaivuta pazia ya mlangoni polepole asimwamshe.

ONYESHO LA 6. NJE. SOKO LA MWALONI – ASUBUHI

Ni Jumamosi. Magunia ya dagaa kutoka visiwani yanashushwa kutoka kwenye boti, wapagazi wanapiga kelele wapishwe, na Mama Masanja anapima dagaa kwa sado mbele ya mteja. Masanja anafika, ile karatasi ikiwa mkononi, haijafichwa tena.

MASANJA: Shikamoo, mama.

MAMA MASANJA: Marahaba, baba. Kuna nini? Leticia mzima?

MASANJA: Mzima, yuko kwa Mama Kulwa. Mama, matokeo ya moko yalitoka wiki tatu zilizopita. Nilikuficha. Nimepata daraja la nne.

Mama anaipokea karatasi kwa vidole vyenye magamba ya dagaa. Anaisoma yote. Mteja anaondoka, na kelele za soko zinaendelea.

MAMA MASANJA: Wiki tatu. Ndiyo maana huli.

MASANJA: Nilikusikia ukisema mimi ndiye tegemeo lako. Nikaona nikishindwa, nimekuua.

Mama anaketi juu ya gunia na kumvuta akae kando yake.

MAMA MASANJA: Nisikilize. Baba yako alipofariki, wewe ulikuwa darasa la sita. Nani aliwalisha? Nani aliwasomesha? Mungu alitulisha kwa mikono hii, na bado ninayo. Kusema wewe ni tegemeo langu ni furaha ya mama, Masanja. Sikukutwisha nyumba. Na kama ulisikia hivyo, nimekosea namna ya kusema, unisamehe.

Masanja anainamisha kichwa begani kwake. Hapa, mwigizaji akitaka kulia, alie.

MAMA MASANJA: Ni masomo gani yamekuangusha?

MASANJA: Hesabu na fizikia. Kemia kidogo.

MAMA MASANJA: Jumatatu tunakwenda wote kuonana na mwalimu wa taaluma. Na kijana wa Mama Kulwa yuko likizo ya chuo, anasomea uhandisi, nitamwomba akae nawe jioni. Lakini saa nne usiku nataka simu yangu, na wewe ulale. Umenielewa?

MASANJA: Ndiyo, mama.

MAMA MASANJA: Jana ni nini kilikufanya ule?

MASANJA: Kuna mzee alikuwa anafundisha kwenye simu, habari za Eliya. Wafalme wa Kwanza, sura ya 19.

MAMA MASANJA: Leo jioni utatusomea, mimi na Leticia. Sasa shika upande huo wa gunia, wateja wananisubiri.

Wananyanyua gunia pamoja, kila mmoja upande wake.

MWISHO