Leo saa kumi na moja, Laitihausi

Zuhura, sabalkheri. Umelalaje? Mimi nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri, na Jumamosi sina kazi ya kuniamsha. Wewe mwenyewe jaza kilichoniamsha.

Nakuandikia nihakikishe: leo ni leo, au sio? Saa kumi na moja jioni, pale Laitihausi. Ukishuka kwenye tuktuk usihangaike kunitafuta chini ya mbuyu, maana mibuyu pale imejaa. Nitakusubiri barabarani, kwa wauza mihogo. Nitavaa lile shati la buluu la siku ya harusi, lile ulilolitazama mara mbili ukadhani sikuoni. Nilikuona.

Kutoka Kongowea panda matatu ya Feri mapema kidogo, saa kumi hivi, kwa sababu Daraja la Nyali jioni halina adabu. Ukichelewa pia usikimbie wala usijikasirishe. Bahari haiendi popote, na mimi nina sababu nzuri zaidi ya bahari ya kukaa pale kungoja. Ila upepo wa kusi mwezi huu wa nane unapiga kweli, kwa hiyo funga mtandio vizuri. Au usifunge sana, nipate kazi ya kuukimbiza.

Nimechagua leo makusudi, sio kesho. Jumapili Laitihausi familia nzima za Mombasa ziko pale, watoto na mipira, na mimi nataka nisikie unachosema bila kupiga kelele. Tena uliniambia hujafika tangu walipopatengeneza ule mwaka wa Mashujaa, 2019. Yaani umezaliwa Mombasa, na miaka yote hii hujakaa pale ukatazama meli? Hilo leo tunalimaliza.

Kwani hilo ndilo nipendalo pale. Meli zikiingia Kilindini zinapita karibu mpaka jina unalisoma ubavuni. Zinakuja taratibu, kubwa kama mtaa, na watu wote wananyamaza kidogo hata wauza kachri. Nimepaendea tangu nikiwa mdogo, babangu akinishika mkono, na sijawahi kumpeleka mtu. Wewe wa kwanza.

Sasa sikiliza, nina mchezo. Tunanunua madafu mawili. Meli ikipita kabla sijamaliza langu, utanisimulia kile kisa ulichokikatiza Jumanne usiku, ulipotuma sauti ukacheka, ukasema "basi, hili utalisikia tukionana". Ile sauti nimeisikiliza mara nne. Kisa sikijui, lakini kicheko nakijua kwa moyo. Isipopita meli, mimi ndiye nitakayejibu swali lolote utakalouliza, hata lile la kwa nini nilibadilisha kiti pale harusini. Nakuonya tu kwamba mimi dafu nalinywa polepole sana.

Jua linatua kwenye saa kumi na mbili na nusu. Magharibi ikishaswaliwa, kama bado hujanichoka, tuchukue tuktuk mpaka Ngomeni tunywe kahawa tungu na kashata, kisha tutembee kidogo Mji wa Kale kabla ya kurudi. Kama umechoka tunaishia palepale kwenye mihogo, na bado itakuwa jioni nzuri. Saa tatu kasoro uko mlangoni kwenu, kama ulivyomwahidi mamako. Ahadi yako kwake ni ahadi yangu pia. Mwambie nimesema shikamoo, au kama bado hujamwambia habari zangu, shikamoo hiyo iweke, itafika siku yake.

Na Zuhura, ikiwa kuna jambo limetokea, umepata zamu ya ghafla pale dukani au kichwa kinauma, niambie tu bila kuzunguka. Tutapanga siku nyingine na sitanuna. Nitasikitika, hilo siwezi kukuficha, lakini kununa sitanuna.

Lakini nadhani utakuja. Jana ulipoandika "haya, tutaonana kesho in shaa Allah" ukaongeza ile nukta moja ndogo mwishoni, niliitazama ile nukta nikasema, huyu amekata shauri.

Haya, niache nipige pasi shati. Nijibu mambo mawili tu: unakuja, na mihogo yako unataka pilipili na ndimu nyingi, au nikuombee ya kistaarabu? Fikiria vizuri kabla hujajibu, kwa sababu mimi nataka kukaa karibu, na mwenye pilipili nyingi huwa anaomba kugawana dafu.