Ombi la Udhamini wa Mwanariadha wa Mbio Ndefu kwa Mwaka 2026

Rehema Tluway,
Arusha.
12 Januari 2026

Meneja Masoko,
Kiwanda cha Maziwa,
Njiro, Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA UDHAMINI WA MWAKA MMOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanariadha wa mbio ndefu, mwenye umri wa miaka 21, mzaliwa wa Dongobesh wilayani Mbulu. Muda wangu bora katika nusu marathoni ni saa 1, dakika 14 na sekunde 8, na katika mita 10,000 ni dakika 33 na sekunde 52. Ninaandika kuomba kiwanda chenu kinidhamini mwaka huu, na kueleza jina langu linasimamia nini, ili mnapoamua kuweka nembo yenu karibu nalo mjue mnachokichukua.

Nimewaandikia ninyi kwa sababu nilianza kukimbia nikiwa na kidumu cha maziwa mkononi. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe watatu, na kabla ya kwenda shule nilikuwa napeleka maziwa kituo cha kukusanyia, kisha narudi mbio ili niwahi namba. Mwalimu wa michezo aliniona njiani, akanipeleka UMISSETA, na kutoka hapo sijaacha. Wanunuzi wenu wengi ni akina mama wa vijijini na mabinti zao, na mimi ni mmoja wao.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni kukimbia kwa haki. Kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli humwajibisha mwanariadha kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua kilivyoingia, na kwa hiyo mwaka jana nilikataa kutangaza unga wa kuongeza nguvu ambao mwenye kuuza hakuweza kunionyesha umetengenezwa kwa vitu gani, ingawa fedha aliyoahidi ingenilipia kodi ya chumba kwa miezi minane. Ninachotangaza ni kile ninachokula na kunywa mwenyewe. Ninawaomba mlipime hili kwa uzito, kwa maana mwanariadha akifungiwa, nembo iliyo kifuani mwake huchafuka pamoja naye.

Jambo la pili ni wasichana. Kila Jumamosi mchana ninakimbia na wanafunzi wa kike wa shule mbili za msingi hapa Arusha, sasa wamefika 34, na video fupi za mazoezi hayo, ninazozungumza kwa Kiswahili na Kiiraqw, ndizo zilizonipatia wafuasi 6,200 Instagramu. Sura ya mtoto haionekani humo bila ruhusa ya mzazi, na sitabadilisha hilo hata kwa ajili ya tangazo. Magdalena Shauri alipomaliza wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, na Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia Tokyo Septemba 2025, mabinti hawa waliniuliza swali lilelile: viatu wanapata wapi? Nami bado ninajiuliza swali hilo.

Ninaomba shilingi 7,000,000 kwa mwaka: 3,000,000 za chakula, 1,800,000 za jozi nne za viatu, 840,000 za chumba, na 1,360,000 za nauli, ada za mashindano na tiba ya misuli. Kila baada ya miezi mitatu nitaleta stakabadhi pamoja na matokeo yangu, yawe mazuri au mabaya.

Kwa upande wangu, nembo yenu itakuwa kwenye fulana yangu ya mazoezi na ya mashindano ya barabarani, kwa ukubwa unaoruhusiwa na kanuni. Nitatoa video mbili kila mwezi na kufika kwenye shughuli zenu sita kwa mwaka, isipokuwa katika wiki mbili zinazotangulia shindano. Nikichaguliwa timu ya taifa nitavaa sare ya taifa, ambayo sina mamlaka ya kuiwekea nembo, na ninalisema hili mapema ili lisije kuleta mzozo. Mwaka 2023 nilisaini mkataba na mfadhili mmoja bila kuusoma hadi mwisho, nikakaa miezi mitano bila kuruhusiwa kushiriki mashindano niliyoyataka na bila kulipwa. Tangu hapo kocha wangu na mwanasheria husoma kila mkataba kabla yangu, na ningeomba tuandikiane kwa Kiswahili.

Ninafanya mazoezi ya kasi katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kila Jumanne na Alhamisi, saa 12:30 asubuhi. Ningefurahi sana mkimtuma mtu aje kunitazama siku yoyote kati ya hizo, bila kunitaarifu, kabla hamjaamua. Nimeambatisha matokeo yangu ya miaka mitatu, barua ya kocha, na namba zetu za simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Rehema Tluway
Mwanariadha