Vitu vya mtoto: vya kununua sasa na vya kusubiri

Mdogo wangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Uko wiki ya 34, na tarehe uliyopewa kliniki ni katikati ya Novemba. Mvua zitakuwa zimeshaanza hapa Kigoma, kwa hiyo nimeipanga orodha hii nikifikiria kamba ya kuanikia kuliko kitu kingine. Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimnunulia viatu na gauni la kutokea, nepi nikachukua nane tu. Siku ya tatu zote zilikuwa mbichi kambani na mvua inanyesha. Mama alichana kanga yake akiwa ameivaa.

Mfuko wa hospitali (uwe tayari mlangoni kufikia wiki ya 36)

- Kadi ya kliniki. Itangulie vyote.
- Kanga au vitenge 5: viwili vya mtoto, vitatu vyako. Vitenge vipya vifue mara mbili, vile vigumu vinamkwaruza mtoto.
- Makintoshi mita 2, glovu, pamba, vibana kitovu na wembe mpya. Muulize nesi wa kliniki yenu wanataka nini hasa, maana kila kituo kina orodha yake.
- Pedi kubwa pakiti 2, chupi pana 4, sabuni, beseni, ndoo ndogo.
- Chupa ya chai na kikombe.
- Kofia, soksi, shali moja nzito.
- Nauli ya bajaji, uiweke kando na usiiguse. Chukua namba za madereva wawili wa hapo Gungu, mmoja akizima simu usiku unampigia mwingine.

Wiki ya kwanza nyumbani

- Nepi za kitambaa 24. Ndiyo, 24. Mtoto mchanga anachafua nane, kumi, hata kumi na mbili kwa siku, na mvua ikishika nepi inakaa kambani siku mbili. Nunua kitambaa cha pamba, tukate wenyewe, tupinde kingo kwa cherehani ya mama.
- Pampasi pakiti moja ndogo, za usiku tu. Usirundike saizi ya kwanza, atazikimbia.
- Fulana za kufunga mbele 6. Shingo ya mtoto bado laini, za kuvutia kichwani zitakutesa.
- Vikofia 2, soksi jozi 4, blanketi 2.
- Taulo laini 1, beseni lake peke yake, sabuni isiyo na harufu kali. Asiogeshwe siku ile ile aliyozaliwa, mwache apate joto kifuani kwako angalau saa 24.
- Chandarua chenye dawa. Kama ulipewa kliniki, kitundike leo ukilalie wewe. Malaria haisubiri mtoto azaliwe.

Kitovu hakinunuliwi kitu, isipokuwa dawa uliyopewa na nesi. Hakuna majivu, hakuna mafuta, hakuna mate. Nepi ikunjwe chini yake, kikauke kwa hewa. Bibi akija na dawa yake, mpokee kwa heshima, uiweke kabatini. Ukiona usaha, au mtoto amechemka, amepoa isivyo kawaida au amegoma kunyonya, panda bajaji hapo hapo.

Wiki ya pili hadi ya sita

Hapa wageni wataleta mengi, kwa hiyo tulia. Ongeza fulana 4 za saizi inayofuata (mitumba ya Mwanga inatosha, ichemshe) na mbeleko imara. Wiki ya sita ana chanjo, mvalishe nguo inayofunguka mapajani.

Mwezi wa pili hadi wa tano

Karibu hakuna. Chupa za maziwa, maziwa ya kopo, maji ya gripu: acha. Ni ziwa lako tu hadi miezi sita, hata maji hapana. Hela hiyo ile wewe: dagaa, maharage, mboga, matunda.

Miezi sita na kuendelea

- Bakuli na kijiko vyake, kikombe kisicho na mfuniko wa kunyonya.
- Kinu kidogo cha kusagia dagaa. Uji mzito, dagaa waliosagwa na tone la mawese, hicho ni chakula.
- Mkeka mkubwa wa kutambalia.

Shemeji yako wa Tabora ataleta asali, najua. Mtoto asilambe hata tone kabla ya kutimiza mwaka, asali inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Kunywa wewe na chai.

Gari la kutembelea usinunue kabisa. Njia ya kwenu ni mawe na mteremko, mgongo unatosha.

Jumamosi asubuhi nashuka sokoni Mwanga. Nitumie usiku wa Ijumaa ulichokwisha pata, ili kitambaa cha nepi nikate kamili.